Nakili karatasi inavyosema: fakitire moja ya kenkayeri ya Bukavu

Chama chetu kinajenga ukumbi mdogo upande wa Kadutu, na mimi ndiye ninayeandika matumizi. Vifaa vinanunuliwa na watu mbalimbali: leo papa fundi, kesho mama mweka hazina, siku nyingine kijana aliyekuwa anashuka mjini tu. Kila mmoja anapiga foto ya fakitire na kunitumia kwa simu. Karatasi yenyewe inakuja baadaye, ikija. Kwa hiyo hesabu ya chama, ile watakayoisoma wanachama wote siku ya mkutano, inasimama juu ya kile ninachokisoma kwenye kioo cha simu.

Nataka kueleza fakitire moja tu, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu kinachoweza kumpoteza anayenakili: jumla iliyofifia, vifupisho, na safu ya bei ambayo haikukaa sawa na mistari ya vitu. Inatoka kwenye kenkayeri moja ya hapa Bukavu, imechapwa kwa mashine ndogo ya dukani, bei kwa dola, na chini jumla yake kwa franga.

Kwanza karatasi yenyewe. Hizi karatasi laini za mashine ya dukani hazina wino. Zimepakwa dawa inayobadilika kuwa nyeusi ikipata joto, na kichwa cha mashine kinapasha joto mahali pa kila nukta. Ndiyo maana maandishi yake yanaisha. Joto la dashibodi ya gari, jua, mafuta ya mikono, dawa ya kusafishia mikono yenye alkoholi, mfuko wa plastiki laini: vyote hivyo vinaondoa weusi huo au kuuchafua. Na kuna adui mmoja ambaye watu wengi wanamchukua kama rafiki, nao ni utepe wa skochi. Mtu anabandika fakitire daftarini ili isipotee, anapitisha skochi juu ya jumla, na baada ya muda gundi inakula maandishi yaliyo chini yake. Ukiona foto yenye ukanda uliopauka, wenye kingo zilizonyooka, na juu na chini yake maandishi bado meusi, huyo ni skochi. Kulijua hilo kunasaidia, kwa sababu unajua kwamba ndani ya ukanda ule palikuwa na maandishi hata kama sasa panaonekana patupu.

Usijaribu kurudisha maandishi kwa kupasha karatasi joto. Dawa iliyobaki kila mahali itageuka nyeusi, na fakitire itakuwa kipande cha giza. Kinachosaidia ni foto nzuri: mwanga wa mchana ukitoka ubavuni, bila flashi, simu ikiwa sambamba na karatasi. Na foto hiyo itumwe kama "Document", si kama picha ya kawaida. WhatsApp inapoituma kama picha inaibana, na katika kubana huko picha inakatwa katika miraba midogo ya nukta 8 kwa 8; mstari hafifu wa tarakimu unayeyuka ndani ya mraba wake, na 3 inaanza kufanana na 8, 0 inafanana na 6. Kilichopotea hapo hakirudi hata ukivuta picha ikawa kubwa kiasi gani.

Sasa fakitire yetu. Karatasi ilikuwa imekunjwa katikati kutoka juu hadi chini, na aliyepiga foto hakuinyoosha. Upande wa kulia, wenye bei, umepanda kidogo kuliko upande wa kushoto, karibu nusu ya mstari. Ukiandika kile jicho linachokiona, inatoka hivi:

```
QTE DESIGN.          P.U.   P.T.
                    14,50  58,00
4   SAC CIM 42.5
                     6,00  90,00
15  FER TOR 8
                     1,80   3,60
2   KG CL ORD 10
                     2,50   5,
2   KG CL TOLE
6   TOLE BG 28
                    11,50  69,00
    3M
                    48,00  48,00
1   BROUETTE
```

Kila bei inaning'inia katikati ya vitu viwili. Je, 6,00 ni bei ya simenti iliyo juu yake au ya chuma kilicho chini yake? Anayefanya haraka anachagua kwa kukumbuka bei za soko: anajua mfuko wa simenti hauuzwi dola 6, basi anaipeleka kwenye chuma. Amepata sawa, lakini kwa njia mbaya. Bei anayoikumbuka haimo kwenye karatasi hii, na siku ambayo duka limeuza kwa bei ya ajabu, ambayo ndiyo siku wanachama watauliza, kumbukumbu yake itairekebisha bei ile bila yeye kujua.

Mimi ninaanza kwa kuzitenganisha pande mbili. Ninaandika upande wa kushoto peke yake, kutoka juu hadi chini, bila kutazama bei. Kisha ninaandika upande wa kulia peke yake, bila kutazama vitu. Halafu ninahesabu kila upande. Kushoto kuna mistari 7, kulia kuna bei 6. Tofauti hiyo lazima ielezwe kabla ya kuoanisha chochote. Maelezo yake yapo: mstari wenye "3M" hauna idadi mbele yake. Mashine iliishiwa nafasi ikakata jina la kitu na kulimalizia chini. Ni manjanja ya urefu wa metro 3. Kwa hiyo vitu ni 6 na bei ni 6. Kama mstari ule ungekuwa na idadi mbele yake, tungekuwa na kitu kisicho na bei, na jambo hilo lingepaswa kubaki wazi kwenye nakala.

Baada ya hapo ninatafuta mahali pa kufungia kamba, yaani mstari ambao kuzidisha kwake kunakubali namna moja tu. Mstari wa chuma ni mzuri sana: 15 mara 6,00 ni 90,00, sawasawa na ilivyochapwa. Ukiipeleka bei ile kwenye simenti, 4 mara 6,00 ni 24,00, haikubali. Basi bei ya 6,00 ni ya chuma, na inaonyesha kwamba upande wa kulia umepanda, haukushuka. Lakini mstari mmoja hautoshi, kwa sababu kunjo la karatasi mara nyingi linakwenda mshazari. Linaweza kupandisha bei za juu nusu mstari na kuziacha za chini zikiwa karibu sawa. Ninatafuta mwingine chini: manjanja, 6 mara 11,50 ni 69,00. Nao umekubali, na mashine imeweka bei mbele ya mstari wa pili wa jina, ule wa "3M".

Katikati ya mistari hiyo miwili kuna misumari ya aina mbili, na hapo hesabu inanyamaza. Zote mbili ni kilo 2. Bei ya 1,80 ikipewa msumari wa kawaida, 2 mara 1,80 ni 3,60. Ikipewa msumari wa manjanja, bado ni 3,60. Kuzidisha kutakubali lolote utakalolifanya. Kinachoamua ni mpangilio. Kati ya chuma na manjanja kuna vitu viwili na bei mbili, na mashine inachapa mstari baada ya mstari, haiwezi kuruka na kurudi nyuma. Basi bei ya kwanza ni ya kitu cha kwanza. Nimewaona watu wanaojua hesabu vizuri wakianguka hapa hapa, kwa sababu wanaamini kwamba hesabu ikikubali basi usomaji ni sahihi. Idadi mbili zinazofanana zikifuatana, hesabu haina la kusema.

Kwenye msumari wa manjanja bei ya jumla inaonyesha "5," na baada yake kuna doa la mafuta. 2 mara 2,50 ni 5,00. Kila mtu anaona. Hata hivyo kwenye jedwali langu, katika safu ya nakala inayobeba kile kinachoonekana tu, ninaandika `5,[?][?]`, kila `[?]` ikiwa tarakimu moja isiyosomeka. Safu ya pembeni, ya usomaji, ndiyo inayobeba `5,00`, na sababu yake: idadi mara bei ya kimoja.

Mama mweka hazina aliniuliza kuhusu hilo. "Papa, si inajulikana kama ni tano? Juu ya nini unaweka maulizo kwenye kitu cha wazi?" Nilimjibu kwa kumwonyesha sehemu ya chini ya karatasi ile ile, kwa sababu hapo ndipo kitu cha wazi kilipogeuka.

Sehemu ya chini, kama inavyosomeka mara ya kwanza, ni hii:

```
TOT TTC            27[?],60
TX 2800   TOT FC   757.680
ACPT               200,00
R.                 70,60
```

Mstari wa jumla ya dola uko chini ya skochi. Tarakimu ya tatu imekwisha kabisa. Sasa jumlisha bei za vitu: 58,00 na 90,00 na 3,60 na 5,00 na 69,00 na 48,00. Inatoka 273,60. Inaingia vizuri kwenye 27[?],60, bila kugombana na tarakimu hata moja inayoonekana. Watu wengi wangeandika 273,60 na kulala usingizi.

Mstari wa franga haukufikiwa na skochi, bado ni mweusi. Unasema kiwango ni 2800 na jumla ni 757.680. Gawanya: 757.680 kwa 2800 ni 270,60. Si 273,60. Kama dola zingekuwa 273,60, franga zingekuwa 766.080, na hakuna tarakimu iliyofifia kwenye mstari ule inayoweza kuleta tofauti kubwa hivyo. Mistari ya mwisho inasema hivyo hivyo: akonti ya 200,00 na 70,60 vinafanya 270,60.

Kwa hiyo kuna dola 3 ambazo vitu vinazidai na jumla haizitambui. Hapo nilirudi kwenye foto, si kwenye hesabu. Mashine ya dukani inasukuma karatasi kwa kipimo kile kile kila mstari, kwa hiyo nafasi kati ya mistari haibadiliki. Lakini kati ya BROUETTE na TOT TTC nafasi ilikuwa karibu mara mbili ya kawaida, na yote ilikuwa ndani ya ukanda wa skochi. Nafasi ya namna hiyo inaweza kuwa mstari mtupu uliowekwa kwa makusudi, na inaweza kuwa mstari uliofutika. Nilichukua kopi ya foto, ile ya asili nikaiacha bila kuigusa, nikaongeza kontrasti hadi mwisho na kuteremsha mwangaza. Vikatokea vivuli: kitu kama "EM" upande wa kushoto, na upande wa kulia 3 yenye alama ya mkato baada yake. Mbele ya "EM" palikuwa na mguu mmoja tu wa herufi.

Fakitire nyingi za hapa kwetu huandika REM kwa kupunguziwa bei. Duka lilikuwa limepunguza dola 3. Kwenye nakala mstari huo unaingia hivi:

```
[R?]EM             3,[?][?]
TOT TTC            27[?],60
```

na pembeni, kwenye safu ya usomaji: punguzo la 3,00, jumla 270,60, sababu ni mstari wa franga na mistari miwili ya malipo. Aliyeandika 273,60 angekuwa amelifuta punguzo ambalo duka lilitoa, na papa fundi aliyenunua angeulizwa kuhusu dola 3 ambazo hakuzitoa na hakuzichukua. Mama alipoona hivyo alitaka tupitie tena fakitire zote ambazo jumla yake iko chini ya skochi, na tulifanya hivyo.

Alama hizo za mabano nimejiwekea kwa kanuni ndogo, na ninaiandika juu ya kila ukurasa ili mwingine aweze kuisoma: `[?]` ni tarakimu au herufi moja isiyosomeka; `[3?]` ni ile ninayoiona lakini sina hakika nayo; `[...]` ni sehemu ambayo hata idadi ya herufi zake haijulikani. Wanaonakili maandishi ya kale ya mawe na mafunjo walikutana na shida hii hii, na mwaka 1931 walikubaliana mjini Leiden, Uholanzi, juu ya alama za pamoja za kutenganisha kinachoonekana, kinachoshukiwa na kilichojazwa na msomaji. Alama zao ni nyingi kuliko zangu na hazifanani nazo, lakini mgawanyo huo wa mambo matatu ndio ninaoutaka kwenye daftari la chama.

Vifupisho navyo vinabaki kama vilivyo. CIM, CL ORD, BG, ACPT: sivipanui kwenye nakala. Sababu yake inaonekana kwenye ule mstari wa mwisho, "R." yenye 70,60. Inaweza kuwa baki ambayo mnunuzi bado anadaiwa, na inaweza kuwa chenji ambayo duka limemrudishia. Kwa chama, moja ni deni na nyingine ni pesa iliyopaswa kurudi kwenye sanduku. Hapa hesabu inasaidia: 270,60 kutoa 200,00 ni 70,60, mteja alitoa pungufu, basi ni deni. Ingekuwa chenji, pesa iliyotolewa ingekuwa kubwa kuliko jumla. Lakini fikiria foto ambayo mstari wa akonti umekatwa pembeni. Aliyeandika "reste" kwa ukamilifu angekuwa ameshaamua, na anayesoma baada yake asingejua kwamba kulikuwa na uamuzi.

Hata nukta ina haki yake. Kwenye karatasi hii pesa zinatumia mkato, 14,50, lakini simenti imeandikwa 42.5 kwa nukta. Hiyo 42.5 si bei na si uzito; ni daraja la nguvu ya simenti, inayopimwa baada ya siku 28. Ninaiacha na nukta yake. Kisha kuna nukta ya 757.680, ambayo kazi yake ni kutenga maelfu. Excel iliyowekwa kwa mpangilio wa Kiingereza ikikutana nayo inaifanya kuwa 757,68, yaani franga mia saba na hamsini na kitu, na haikuambii chochote. Ndiyo maana safu ya nakala kwenye jedwali langu ni maandishi matupu, si namba: ninaipa muundo wa "Text" kabla ya kuandika herufi ya kwanza. Hesabu inafanywa kwenye safu ya usomaji, ambako namba ni namba na sarafu ina safu yake, USD au CDF.

TTC inanifanya niseme neno moja la kodi. Maana yake kodi imo ndani ya bei tayari. Kodi ya ongezeko la thamani ya Kongo, TVA, ilianza Januari 2012, na kiwango chake cha kawaida ni asilimia 16. Wapo wanaoikokotoa upya juu ya jumla ya TTC na kuiandika kama mstari wa ziada. Mstari huo haumo kwenye karatasi, basi hauingii kwenye nakala. Kama duka lingekosea kujumlisha, kosa lake nalo lingeingia kama lilivyo, na maelezo yangu yangekaa pembeni.

Kazi ya mwisho inahitaji mtu wa pili. Ninamwomba mmoja wa kamati ashike foto, si jedwali langu, anisomee tarakimu moja moja kwa sauti: moja, nne, mkato, tano, sifuri. Asiseme "kumi na nne na nusu", kwa maana anayesema hivyo ameshaielewa namba na hasomi tena kilichoandikwa. Mimi ninafuata kwa kidole kwenye nakala. Tunasoma safu kutoka chini kwenda juu, ili jicho lisitegemee mfululizo wa vitu na kutabiri kinachofuata. Anaposita mahali ambapo mimi sikusita, ninaongeza mabano hapo, hata kama bado ninaamini nimesoma vizuri.

Kwa fakitire hii alisita mara moja, kwenye 8 ya 1,80 ya msumari wa kawaida. Alisema inaweza kuwa 3. Ningeweza kumjibu kwamba 2 mara 1,30 ni 2,60 na karatasi inasema 3,60, tena bila kufifia. Jibu hilo ni zuri, na limeandikwa pembeni, kwenye safu ya usomaji. Kwenye nakala sasa mnasomeka `1,[8?]0`. Foto ya asili imehifadhiwa kwa namba ile ile ya mstari wa jedwali, na kwa kenkayeri tunadaiwa dola 70,60.